Kuongeza mtu kwenye kona ya picha ya 0.5: kupiga upya, kuvuta kwa hesabu, au kubadili picha nzima?

Picha ya familia imepigwa kwa lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, ili watu wote waenee. Shangazi hakuwepo, na sasa anatakiwa aonekane mwisho wa mstari, upande wa kushoto. Unamkata kwenye picha yake nyingine, unambandika, unalinganisha rangi na mwanga, na bado kila anayeitazama anasema huyu amebandikwa. Mara nyingi tatizo haliko kwenye rangi. Shangazi ana umbo la kawaida, ilhali jirani yake ana kichwa kilichotanuka na mabega yaliyovutwa kuelekea nje. Lenzi imemvuta mmoja na kumwacha mwingine.

Kuna njia tatu za kulisahihisha hili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumpiga shangazi upya kwa simu ileile, akiwa kwenye kona ileile ya fremu. Ya pili ni kuchukua picha yake ya kawaida na kuivuta kwa kipimo kinachostahili mahali pale. Ya tatu ni kugeuza picha nzima ya familia ili kona zisiwe zimevutika, halafu kumweka shangazi akiwa na umbo lake. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja, lakini kwanza tujue kinachotokea pale konani, kwa sababu hapo ndipo uamuzi ulipo.

Kupinda na kuvutika ni mambo mawili

Lenzi pana ya simu, kwa asili yake, hupinda mistari. Ukingo wa mlango ulio karibu na mwisho wa picha hujikunja kama ubavu wa pipa. Simu nyingi hurekebisha jambo hilo zenyewe kabla hujaiona picha, na mlango unatoka umenyooka. Ila urekebishaji huo una gharama. Ili mistari yote ibaki imenyooka kwenye karatasi bapa, vitu vilivyo mbali na katikati lazima vivutwe kuelekea nje. Huko ndiko kuvutika kwa kona, na si kasoro ya kioo. Hata lenzi isiyo na dosari yoyote ingefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua una picha ya aina gani. Ifungue kwenye programu ya kuhariri, vuta mstari elekezi kutoka kwenye rula, ulaze juu ya ukingo wa dari au fremu ya dirisha lililo karibu na kona. Ukingo ukifuatana na mstari mwanzo hadi mwisho, picha imesharekebishwa, na kazi yako ni kuvutika tu. Ukiona ukingo unaachana na mstari katikati na kurudi kuugusa mwishoni, bado kuna kupinda. Hapo nyoosha picha nzima kwanza kwa kichujio cha Lens Distortion kwenye GIMP au Lens Correction kwenye Photoshop, ndipo uendelee. Kuongeza kitu kwenye picha iliyopinda nusu na kuvutika nusu ni kujitafutia kazi isiyo na kipimo.

Kuvutika kwenyewe kunafuata kanuni nyepesi. Kadiri sehemu inavyokuwa mbali na katikati ya picha, ndivyo kitu cha mviringo kinavyorefuka, na kinarefuka kwenye mstari unaotoka katikati kwenda kwenye kitu hicho. Kipimo chake ni hiki:

```
f = F35 × d / 43.27
k = sqrt(1 + (r / f)^2)
```

F35 ni urefu wa fokasi kwa hesabu ya filamu ya milimita 35, ambao simu huuandika ndani ya faili. d ni ulalo wa picha kwa pikseli, kona hadi kona. r ni umbali kutoka katikati ya picha hadi pale unapotaka kuweka kitu. Jibu la k linakwambia tufe likiwa pale litarefuka mara ngapi kuliko upana wake. Kupata F35, andika amri hii kwenye kompyuta yenye programu ya exiftool:

```
exiftool -FocalLengthIn35mmFormat -ImageSize picha.jpg
```

Lenzi ya 0.5 kwenye simu nyingi huandikwa 13. Lenzi kuu ya 1x huandikwa 24 au 26. Hivi ndivyo k inavyokua kutoka katikati hadi kona yenyewe:

| Umbali kutoka katikati hadi kona | k kwa 13 | k kwa 24 |
|---|---|---|
| robo ya njia | 1.08 | 1.03 |
| nusu ya njia | 1.30 | 1.10 |
| robo tatu | 1.60 | 1.21 |
| konani kabisa | 1.94 | 1.35 |

Tazama safu ya mwisho kwa makini. Wengi huamini kwamba picha ya 1x haina kuvutika. Inako, na kichwa kilicho karibu kabisa na kona kinaweza kurefuka kwa theluthi moja. Tofauti ni kwamba kwenye 1x ukikosea kidogo macho yanakusamehe. Kwenye 0.5 hayasamehi.

Jambo moja lizingatiwe kabla ya hesabu yoyote. Kipimo hiki ni cha vitu vyenye unene pande zote, kama kichwa, mpira, chungu au taa ya mviringo. Kitu bapa kilichosimama sambamba na kamera hakivutiki kabisa, hata kikiwa konani. Saa ya ukutani, picha ya fremu au kalenda iliyo kwenye ukuta unaotazamana na simu moja kwa moja hubaki na umbo lake. Ukiongeza fremu kwenye ukuta wa namna hiyo ukaivuta kwa k, umeharibu. Ibandike ilivyo. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika kwa bidii ya namna hii, mhariri akivuta kila kitu kwa kuwa tu kiko pembeni.

Mfano wetu

Picha ina pikseli 4032 kwa 3024, F35 ni 13. Ulalo ni pikseli 5040, hivyo f inatoka 1514. Simu iliwekwa mezani ikapiga kwa kujihesabia, imesimama wima bila kuinama, lenzi ikiwa kama sentimita 90 juu ya sakafu. Mstari wa watu uko mita 2 mbele yake. Nafasi ya shangazi iko pikseli 1666 kushoto kwa katikati, na kichwa chake kinaangukia pikseli 454 juu ya katikati.

Umbali wa kichwa kutoka katikati ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya namba hizo mbili, yaani 1727. Ukigawa kwa 1514 unapata 1.14, na k inakuwa 1.52. Mwelekeo wa kuvutika ni mstari wa kutoka kichwani kwenda katikati ya picha, ambao umeinama nyuzi 15 kutoka mlalo.

Maana yake ni nini kwa macho? Kichwa chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 22, kikiwa katikati ya mstari huo, kingechukua pikseli 114 kwa 167. Kikiwa mahali pa shangazi, upana unapanda hadi karibu 170, na urefu unabaki karibu palepale. Kichwa kinakuwa na upana sawa na urefu wake, na paji la uso linaegemea nje. Ukimbandika shangazi bila kumvuta, jirani yake anaonekana mnene na yeye anaonekana kama kakatwa kwenye gazeti.

Kwa nini urefu haukui? Kwa sababu wamesimama mstari mmoja sambamba na simu. Aliye pembeni yuko mbali zaidi na kamera kuliko wa katikati, na umbali huo unamezwa na ukuzaji wa lenzi, kiasi kwamba kimo kinabaki sawa. Hili ni la kushukuru, maana unaweza kupima kimo cha shangazi kwa jirani yake moja kwa moja, bila hesabu.

Njia ya kwanza: kumpiga upya kwa lenzi ileile

Hapa huhesabu k hata kidogo. Unachukua simu ileile, unaiweka kwenye 0.5, unaisimamisha wima kwa kimo kilekile cha sentimita 90, na unamsimamisha shangazi mita 2 mbele na mita 2.2 pembeni, aangukie mahali palepale kwenye fremu. Kisha unafungua picha zote mbili, unaiweka ya shangazi kama leya juu ya ile ya familia bila kuisogeza wala kuikuza, na unafuta kila kitu isipokuwa yeye.

Uzuri wake haupo kwenye umbo peke yake. Kona ya lenzi pana huwa laini kidogo, ina chembechembe zaidi, na wakati mwingine ina utepe wa rangi ya zambarau kwenye kingo zenye mwanga mkali. Vyote hivyo vinakuja na shangazi bila kuvitafuta. Na kubwa kuliko yote ni pembe ya kutazamwa. Mtu aliye pembeni kabisa ya picha ya 0.5 haonwi kwa mbele. Kamera inamwona kutoka ubavuni, kwa mfano wetu kwa nyuzi 48 hivi. Unaona shavu lake la upande wa ndani zaidi kuliko la nje, na ubavu wa gauni zaidi kuliko kifua. Hakuna programu ya kuvuta inayoweza kukupa ubavu ambao haukupigwa.

Udhaifu wake ni kwamba nafasi ina ukali. Shangazi akisimama pikseli 300 ndani zaidi ya pale anapotakiwa, k yake inakuwa 1.38 badala ya 1.52, na ukimsogeza nje kwenye leya atakuwa mwembamba kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hiyo inaonekana. Washa gridi ya kamera, tafuta kitu kwenye picha ya familia kilicho karibu na nafasi yake, kama ncha ya meza au kitasa, na umpange kwa hicho. Kama chumba ni kilekile, kazi ni rahisi sana, maana hata kivuli chake sakafuni unaweza kukichukua. Kama ni chumba kingine, tafuta ukuta mtupu wa rangi inayokaribiana, na mwanga utoke upande uleule.

Kuna simu zinazosahihisha nyuso zenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Google walionyesha namna ya kuzirudishia nyuso za pembeni umbo lake huku mandhari ya nyuma ikibaki na mistari iliyonyooka, na kwenye iPhone tangu ile ya 12 kuna swichi ya Lens Correction ndani ya mipangilio ya kamera. Simu ya namna hiyo inaweza kuisahihisha picha yenye nyuso nyingi kwa namna tofauti na ile yenye uso mmoja. Hakikisha swichi iko vilevile ilivyokuwa siku ya kwanza, kisha linganisha kichwa cha shangazi na cha jirani kabla hajaondoka.

Njia ya pili: kumvuta kwa hesabu

Hii ndiyo njia ya wengi, kwa kuwa mara nyingi shangazi yuko mji mwingine na ulicho nacho ni picha aliyotuma. Inafaa sana, mradi picha hiyo ichaguliwe vizuri na mwili usivutwe kama kipande kimoja.

Anza na uchaguzi. Picha ya kumkata iwe imepigwa kwa lenzi ya kawaida, yeye akiwa katikati ya fremu, ambako k ni karibu na 1. Ukichukua picha ambayo yeye mwenyewe alikuwa pembeni, tayari ana mvuto wa huko, na wewe utaongeza wa pili juu yake. Umbali wa kupigia uwe ule ambao angekuwa nao kutoka kwenye simu. Kwenye mfano wetu ni mita 3, kwa sababu mita 2 mbele na 2.2 pembeni zinafanya karibu mita 3 kwa mshazari. Kamera iwe na kimo cha sentimita 90, chini ya kifua, vinginevyo utamwona utosi wakati wenzake wanaonekana kidevu.

Halafu mabega. Tazama jirani. Kama jirani amejigeuza kuielekea simu, shangazi apigwe akitazama kamera wima. Kama jirani ameweka mabega sambamba na ukuta na kugeuza uso tu, shangazi naye ageuze mwili nyuzi 45 hadi 50, bega lake la kushoto likiwa karibu na kamera, na uso aulete kwenye kamera. Mwombe hivyo kwenye simu kabla hajapiga. Maelezo ya dakika moja hapa yanaokoa jioni nzima ya kuhariri.

Sasa kuvuta. Mwili uliosimama wima ni kama nguzo, na nguzo iliyosimama kwenye mstari sambamba na simu hutanuka kwa mlalo tu, kwa kipimo kimoja tangu miguuni hadi shingoni. Kipimo hicho hutumia umbali wa kushoto na kulia peke yake. Kwetu ni 1666 kwa 1514, yaani 1.10, na k ya mwili ni 1.49. Kichwa ni tufe, hivyo chenyewe kinavutwa kwa mshazari, kwa ile 1.52 ya nyuzi 15.

Kwenye GIMP, mtenge shangazi katika leya mbili, mwili na kichwa, ukiacha shingo ionekane kwenye zote mbili ili zipandane. Linganisha kwanza kimo chake na jirani, akiwa bado na umbo la kawaida. Leya ya mwili: chagua Scale, fungua mnyororo unaofunga upana na urefu, weka upana asilimia 149, urefu 100. Leya ya kichwa: izungushe kwa Rotate nyuzi 15 kinyume cha saa, ili mstari wa kuelekea katikati ulale mlalo. Vuta upana asilimia 152. Irudishe nyuzi 15 kwa mwendo wa saa. Kisha ilaze juu ya shingo na uunganishe kwa barakoa laini. Mtandio au kola hufunika maungio vizuri, na kwa mama aliyejifunga kilemba, kilemba kivutwe pamoja na kichwa, si pamoja na mwili.

Kila kuzungusha na kuvuta hupunguza ukali, kwa hiyo fanya hivi kwenye picha kubwa kuliko unavyohitaji, ndipo uipunguze. Ukimaliza, shangazi bado atakuwa mkali kuliko kona. Mpe ukungu mdogo wa Gaussian Blur mpaka nyusi zake zilingane na za jirani, na chembechembe kidogo.

Namna ya kujua kama umefanikiwa: chora duaradufu yenye urefu mara 1.52 ya upana, uilaze juu ya kitu chochote cha mviringo kilicho umbali huohuo kutoka katikati, na uizungushe ifuate mstari wa kutoka katikati ya picha kwenda kwenye kitu hicho. Taa yenye umbo la tufe upande wa pili wa dari ingefaa sana. Duaradufu ikilingana na taa, hesabu yako ni sahihi. Zisipolingana, basi ama F35 iliyoandikwa si ile iliyotumika, ama picha ilipunguzwa pembezoni na katikati yake imehama. Kama kitu kinacholingana ni vichwa tu na vyote vinaonekana vya kawaida huku mabega yametanuka, simu imesahihisha nyuso, na wewe uache kichwa cha shangazi bila kukivuta na kuvuta mwili peke yake.

Usimsukume kwa Liquify kwa kukisia. Brashi ya kusukuma hutanua shavu na kuacha sikio, na macho yanakosa usawa. Kuvutika kwa lenzi hugusa kila kitu kwa mwelekeo mmoja, pamoja na hereni na nakshi za kitenge.

Njia ya tatu: kubadili picha nzima

Njia hii inakwenda kinyume. Badala ya kumfananisha shangazi na kona mbaya, unaiponya kona. Programu ya bure ya Hugin inafanya hivyo. Pakia picha, aina ya lenzi iwe Rectilinear, upana wa mwono kwa mfano wetu ni nyuzi 106, kisha kwenye dirisha la Fast Panorama preview, kichupo cha Projection, chagua Panini. Mistari ya wima inabaki wima, watu wa pembeni wanarudishiwa umbo lao, na picha inapungua upana kwa robo hivi. Shangazi anawekwa akiwa hajavutwa. Unamlinganisha kimo na jirani tu, ukikumbuka ile habari ya mabega na mita 3.

Malipo yake yako sehemu mbili. Watu wa pembeni, wakishapunguzwa upana, wanapungua pia kimo, kwa sababu ni kweli walikuwa mbali zaidi na kamera. Mahali pa shangazi kila mtu anakuwa karibu asilimia 80 ya ukubwa wa yule wa katikati, na mstari wa watu unaonekana kama umepinda, katikati wakiwa mbele. Na ukingo wa dari au wa zulia uliopita mlalo nyuma yao unajikunja. Kwenye ukumbi wenye mapazia au bustanini hakuna atakayeona. Kwenye sebule yenye vigae na kabati la vyombo ukuta mzima, kila mtu ataona.

Lakini faida yake ni kwamba inawatendea haki wote. Mara nyingi anayelalamika si shangazi, ni binamu wa upande wa kulia anayeuliza kwa nini amefanywa mnene. Njia mbili za kwanza zinamwongeza shangazi awe amevutika kama wengine. Hii inawaondolea wote.

Ipi uichukue

Kama shangazi anafikika na simu iliyopiga ipo, mpige upya. Silioni jambo linaloshinda hilo, kwa sababu ya ule ubavu ambao hesabu haiwezi kuuumba. Hata kama una ujuzi mkubwa wa Photoshop, nusu saa ya kupanga stendi na gridi itakupa matokeo bora kuliko siku nzima ya kuvuta. Simu ya mtu mwingine yenye F35 ileile inafaa pia, ingawa ulaini wa kona utatofautiana kidogo.

Kama hafikiki, angalia nafasi aliyopewa kabla ya kuchagua kati ya mbili zilizobaki. Ndani ya nusu ya njia kutoka katikati hadi kona, kwa lenzi ya 13, k haizidi 1.30. Hapo njia ya pili inatosha na inakwenda haraka, na mara nyingi unaweza kuvuta mwili na kichwa kwa pamoja kwa mlalo bila mtu kugundua. Kati ya nusu na robo tatu, tenga kichwa na mwili, na dai picha yenye mabega sahihi. Baada ya robo tatu, ambako k inapita 1.60, mimi huacha kumvuta mtu. Uso wa binadamu uliovutwa kiasi hicho hautambuliki na ndugu zake wenyewe, hata kama hesabu ni sahihi kabisa. Kwa vitu, kama chungu cha maua au mpira, endelea kuvuta hadi konani bila hofu. Kwa mtu, nenda njia ya tatu, au mwombe mwenye picha akubali shangazi aingie nafasi moja ndani, kati ya watu wawili, ambako kuvutika ni kudogo.

Picha zilizopitia WhatsApp zina tatizo lake. Taarifa za lenzi hufutwa, na mara nyingi mtu ameshapunguza kingo kabla ya kutuma, hivyo katikati ya faili si katikati ya lenzi. Ziombe kwa njia ya faili asilia kwanza. Isipowezekana, tafuta katikati kwa kufuata mvutiko wenyewe: chukua vitu viwili au vitatu vya mviringo vilivyo pembeni, chora mstari mrefu kupitia urefu wa kila kimoja, na pale mistari inapokutana ndipo katikati ya zamani ilipokuwa. Ukiipata, pima urefu na upana wa mojawapo ya vitu hivyo, gawanya, na hiyo ndiyo k ya mahali pale. Kutokana nayo unapata f kwa kugeuza kanuni:

```
f = r / sqrt(k^2 - 1)
```

Kwa mfano, taa yenye umbo la tufe iliyo pikseli 1200 kutoka hapo mistari ilipokutana ikiwa na urefu wa 64 na upana wa 50, k ni 1.28 na f inatoka karibu 1500. Kutoka hapo endelea na hesabu ya shangazi kama kawaida, ukipima r yake kutoka kwenye ile katikati uliyoitafuta, si kutoka katikati ya faili.